Kijiti cha Kushoto Chini

Katika misikiti mingi ya pwani ya Afrika Mashariki huning'inia saa ya umeme yenye tarakimu nyekundu, ikionyesha nyakati za sala. Tarakimu za sura hiyohiyo zimo kwenye pampu za mafuta na kwenye mizani za dukani. Ukizisogelea utaona kwamba hakuna hata moja iliyochorwa nzima. Kila tarakimu imeundwa kwa vijiti saba vya mwanga, na kinachoitofautisha 3 na 8 ni vijiti viwili tu vya upande wa kushoto.

Mafundi wamevipa vijiti hivyo herufi. Cha juu ni a, kisha wanazunguka kwa mwendo wa mshale wa saa hadi f, na cha katikati ni g. Makala hii inafuata kijiti kimoja tu, e, kile cha kushoto chini. Kinawaka tarakimu inapokuwa 0, 2, 6 au 8. Kwa 1, 3, 4, 5, 7 na 9 hakiwaki.

Nyuma yake lazima kuwe na sakiti inayojua jambo hilo, na sakiti haijui kusoma. Kinachoifikia ni waya nne, kila mmoja ukiwa na volti 5 au hauna volti. Penye volti tunaandika 1, pasipo volti tunaandika 0. Waya wa kwanza, A, una uzito wa 8. B una uzito wa 4. C wa 2. Na D wa 1. Sita, kwa mfano, ni nne na mbili, kwa hiyo B na C zina volti huku A na D zikiwa tupu: 0110. Hapo ndipo lilipozaliwa jedwali la ukweli, orodha inayosema bila kuficha ni lini kijiti kiwake na ni lini kisiwake.

```
namba   A B C D   e
  0     0 0 0 0   1
  1     0 0 0 1   0
  2     0 0 1 0   1
  3     0 0 1 1   0
  4     0 1 0 0   0
  5     0 1 0 1   0
  6     0 1 1 0   1
  7     0 1 1 1   0
  8     1 0 0 0   1
  9     1 0 0 1   0
```

Mwanafunzi mwenye haraka huchukua jedwali hili na kwenda nalo moja kwa moja kwenye bredibodi. Mistari yenye 1 iko minne, basi anaitengenezea kila mmoja geti lake la AND, yaani geti linalotoa 1 pale tu miingio yake yote inapokuwa 1. Penye 0 anapitisha waya kwanza kwenye geti la NOT, linalogeuza 0 kuwa 1. Mwisho anakusanya matokeo manne kwenye mageti ya OR, ambayo hutoa 1 mradi mwingio mmoja una 1. Kwa maandishi, alama ' ikimaanisha kinyume, kazi yake inasomeka hivi:

```
e = A'B'C'D' + A'B'CD' + A'BCD' + AB'C'D'
```

Hakukosea. Sakiti itafanya kazi. Ila ahesabu chipu: 74HC04 moja kwa ajili ya NOT nne, 74HC21 mbili kwa kuwa kila moja ina AND mbili tu zenye miingio minne, na 74HC32 moja kwa ajili ya OR. Chipu nne zenye miguu 14 kila moja, na waya zaidi ya ishirini za kuunganisha, kwa kijiti kimoja. Vijiti sita bado vinamsubiri.

Tatizo hili liliwasumbua wahandisi wa simu kabla ya kuwasumbua wanafunzi. Mwaka 1937, katika tasnifu yake ya chuo cha MIT nchini Marekani, Claude Shannon alionyesha kwamba swichi na rilei hufuata aljebra ileile ya kweli na si kweli aliyoiandika George Boole karne iliyotangulia. Tangu hapo sakiti iliweza kuandikwa kama fomula na fomula ikafupishwa. Lakini kufupisha kwa aljebra kunategemea jicho la mtu. Ukikosa kuona kwamba vipande viwili vinaungana, fomula inabaki ndefu nawe hujui. Mwaka 1952 Edward Veitch alichapisha chati ya vyumba iliyoyaweka matokeo kwenye gridi. Mwaka uliofuata Maurice Karnaugh wa Maabara za Bell aliipanga upya, na mpangilio wake ndio unaofundishwa hadi leo kwa jina la ramani ya Karnaugh.

Alichobadilisha ni kitu kidogo sana kwa kukitazama. Katika chati ya Veitch safu zilifuata hesabu ya kawaida: 00, 01, 10, 11. Karnaugh akazipanga 00, 01, 11, 10. Kwa mpangilio wa kwanza, ukitoka 01 kwenda 10, biti mbili zinageuka kwa pamoja. Kwa mpangilio wa Karnaugh kila hatua inageuza biti moja tu, hata ile ya kutoka safu ya mwisho kurudi ya kwanza. Faida yake inaonekana mara tu majibu ya kijiti e yanapoingizwa vyumbani. A na B zinashuka ubavuni, C na D zinapita juu:

```
AB\CD   00   01   11   10
 00      1    0    0    1
 01      0    0    0    1
 11      x    x    x    x
 10      1    0    x    x
```

Alama za x zitafikiwa punde. Kwanza tazama safu ya mwisho kulia: 1 ya juu ni namba 2, yaani 0010, na 1 iliyo chini yake ni namba 6, yaani 0110. Zinatofautiana kwa B peke yake. Kijiti kinawaka B ikiwa na volti, na kinawaka B ikiwa haina. Basi B haina neno hapo, na vipande viwili vya fomula vyenye herufi nne nne vinakuwa kimoja chenye herufi tatu, A'CD'. Kanuni yote ya ramani ni hiyo: majirani wawili wenye 1 wakizungushiwa duara, herufi inayowatenganisha inadondoka. Duara la vyumba vinne linadondosha herufi mbili, la vinane linadondosha tatu. Idadi lazima iwe 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Duara la vyumba vitatu halipo.

Namba 0 na 8 je? Moja iko juu kabisa kushoto, nyingine chini kabisa kushoto, na katikati yao vyumba viwili. Lakini 0000 na 1000 zinatofautiana kwa biti moja, kwa hiyo ni majirani kama majirani wengine. Karatasi ndiyo inayodanganya. Mtu akiikunja ramani kama mkeka, ukingo wa juu unakutana na wa chini. Akikipinda kile kinyoosho cha mkeka hadi ncha zake mbili ziungane, anapata umbo la tyubu ya baiskeli, na hapo kushoto na kulia nako kunakutana. Pembe nne za karatasi zinaangukia sehemu moja. Wengi wanaoanza huduwaa hapa, nao wana haki, kwa sababu jicho limezoea kuona pembe kama vitu vinavyokaa mbali.

Kwa majirani hao wawili wawili, yaani 2 na 6, kisha 0 na 8, fomula imeshuka hadi vipande viwili vya herufi tatu tatu. Ni nafuu kubwa, ila bado kuna akiba ambayo haijaguswa.

Waya nne zinaweza kubeba michanganyiko 16, na tarakimu ni kumi. Michanganyiko sita, kuanzia 1010 hadi 1111, si tarakimu yoyote. Saa haitaituma kamwe. Je, kijiti e kifanye nini ikifika? Jibu la kweli ni kwamba haidhuru, na x ndiyo alama ya "haidhuru". Mchoraji ana ruhusa ya kuihesabu x kuwa 1 inapomkuzia duara, na kuihesabu 0 isipomfaa.

Sasa turudi kwenye ramani kwa jicho hilo. Pembe ya chini kulia ina x. Tukiihesabu kuwa 1, pembe zote nne zina 1, na kwa kuwa zinakutana, zinafanya duara moja la vyumba vinne. Katika pembe hizo A inageuka na C inageuka, ila B na D zimebaki 0 kote. Kipande kinakuwa B'D'. Safu yote ya kulia nayo ni 1, 1, x, x, kwa hiyo ni duara jingine la vyumba vinne, na humo C ni 1 na D ni 0 daima: CD'. Kila 1 imeshaingia kwenye duara. Namba 2 imeingia katika yote mawili, jambo linaloruhusiwa, maana kuhesabiwa mara mbili ndani ya OR hakubadilishi jibu.

```
e = B'D' + CD' = D'(B' + C)
```

Fomula iliyoanza na herufi kumi na sita imebaki na tatu. Waya wa A, wenye uzito wa 8, haumo kabisa. Kijiti hiki hakihitaji kujua kama nane ipo au haipo.

Fomula fupi namna hii inaweza kusomwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo ramani inapopendeza zaidi. D' inamaanisha hakuna moja mwishoni, yaani namba ni shufwa. B' + C inashindwa katika hali moja tu: B ikiwa 1 na C ikiwa 0, na hizo ni 4 na 5. Tano ni witiri, imeshatolewa na D'. Kwa hiyo kijiti cha kushoto chini kinawaka kwa kila namba shufwa isipokuwa nne. Angalia tena orodha ya mwanzo: 0, 2, 6, 8. Sheria hiyo ilikuwa imekaa ndani ya jedwali muda wote, ila mistari kumi ya sifuri na moja haikuiacha ionekane.

Inabaki kuijenga. Fundi angeweza kutumia NOT mbili, OR moja na AND moja, lakini hizo ni chipu tatu tofauti, kila moja ikiwa na mageti yasiyotumika. Geti la NOR linafaa zaidi. Lenyewe hutoa 1 pale tu miingio yake yote miwili inapokuwa 0, kana kwamba linasema "si huyu wala si yule". Sentensi yetu ni ya namna hiyohiyo: si witiri, wala si nne. Chipu ya 74HC02 ina mageti manne ya NOR, na matatu yanatosha. La kwanza linapewa B kwenye miingio yote miwili, linatoa B'. La pili linapewa B' hiyo pamoja na C, linatoa 1 namba inapokuwa 4 au 5 tu. La tatu linapewa D pamoja na jibu la geti la pili, na linachotoa ndicho kinachowasha kijiti.

Kwa miguu ya chipu: B iingie mguu wa 2 na wa 3. Mguu wa 1 uunganishwe na wa 5, na C iingie mguu wa 6. Mguu wa 4 uunganishwe na wa 8, na D iingie mguu wa 9. Jibu linatoka mguu wa 10, linapita kwenye rezista ya kilo-omu 1 na kuingia kijiti e cha tarakimu yenye kathodi ya pamoja, ambayo kathodi yake inakwenda hasi. Kwa volti 5, kijiti chekundu kinachokula volti 2 kitapitisha miliampia 3 hivi, mwanga wa kutosha kwa majaribio na mzigo ambao chipu inaubeba bila shida. Mguu wa 14 ni chanya, wa 7 ni hasi. Geti la nne halitumiki, lakini miingio yake, mguu wa 11 na wa 12, iunganishwe na hasi. Chipu za aina hii zikiachiwa mwingio unaoning'inia huokota umeme wa hewani na kuyumbayumba. Kwa sababu hiyohiyo kila swichi ya B, C na D iwekewe rezista ya kilo-omu 10 kwenda hasi. Kijiti kinachowaka na kuzima mkono unapokaribia kinaonyesha kwamba rezista hiyo haipo au haijagusa.

Kuna mtego katika chipu hii hasa. Katika jamaa zake nyingi, kama 74HC00 na 74HC32, mguu wa 1 na wa 2 ni miingio na wa 3 ni tokeo. Kwenye 74HC02 tokeo limetangulia: wa 1 ni tokeo, wa 2 na wa 3 ni miingio. Anayeunganisha kwa mazoea hupeleka umeme ndani ya tokeo, na chipu inaweza kupata moto ikaharibika. Ikiwa ya moto kidoleni, zima kwanza, maswali baadaye.

Mtego wa pili ni wa herufi. Hapa A ina uzito wa 8, kama vitabu vingi vya masomo vinavyoandika. Karatasi za maelezo za chipu za tarakimu kama 7447 na 4511 zinaanza upande wa pili: A ni 1 na D ni 8. Mtu akichanganya mifumo hiyo miwili, sakiti haikatai kuwaka, inawaka vibaya kwa utaratibu. Kijiti e kitawaka kwa 0, 1, 4, 5, 6 na 7, na kuzimika kwa mengine. Anayeiona orodha hiyo asiguse mageti. Ageuze mpangilio wa waya.

Tarakimu yenye anodi ya pamoja ni jambo jingine. Hiyo kijiti chake huwaka kwa 0 na huzimika kwa 1, kwa hiyo sakiti yetu itaonyesha kinyume kitupu: 1, 3, 4, 5, 7, 9. Jedwali linapaswa kugeuzwa kabla ya kuchora ramani.

Na makosa ya karatasini? Kosa kubwa ni kupanga safu kwa hesabu ya kawaida. Ukiandika 00, 01, 10, 11 kwa ubavu na kwa juu, chumba cha namba 0 kinajikuta hakina jirani hata mmoja mwenye 1. Pembe nne hazikutani tena kwa haki, na mchoraji atamwandikia sifuri kipande chake chenye herufi nne akiamini amemaliza. Jibu litakuwa sahihi lakini refu. Kibaya zaidi, katika ramani nyingine mpangilio huo hukaribisha duara la vyumba ambavyo si majirani wa kweli, na hapo jibu lenyewe linakuwa la uongo. Dawa ni kurudi kwenye jedwali na kupitisha kila mstari ndani ya fomula mpya kabla ya kushika waya. Mistari kumi haichukui hata dakika tano.

Jambo linalostahili tahadhari kuliko yote ni zile x. Kila x ni ahadi kwamba mchanganyiko huo hautafika. Tuseme anayejenga alitaka kihesabio cha 74HC160, kinachohesabu 0 hadi 9 na kurudi, na dukani akapewa 74HC161. Kwa umbo na kwa mpangilio wa miguu ni ndugu mapacha, ila 161 huendelea hadi 15. Baada ya 9 kijiti e kitawaka kwenye 10, kizime kwenye 11, 12 na 13, kiwake tena kwenye 14, kizime kwenye 15, ndipo sifuri irudi. Kwenye saa hilo ni kero tu. Lakini mahali ambapo mageti hayohayo yanaendesha pampu au moto wa tanuri, waya mmoja uliokatika unaweza kuleta mchanganyiko ulioitwa "haidhuru", na x iliyohesabiwa 1 inakuwa mota inayoanza yenyewe. Katika sakiti za namna hiyo vyumba vyote visivyotarajiwa vijazwe 0, hata kama fomula itarefuka.

Ramani ina mipaka yake pia. Kwa waya tatu au nne ni chombo kizuri. Kwa tano au sita inahitaji gridi zilizopandana na jicho linaanza kupotea, na zaidi ya hapo kazi hupewa kompyuta zinazofuata njia kama ile ya Quine na McCluskey iliyotoka miaka ya 1950. Tena, ramani moja huona kijiti kimoja. B'D' iliyopatikana hapa inahitajika pia katika kijiti a na d, na CD' inahitajika katika d na g. Anayejenga vijiti vyote saba anaweza kutengeneza vipande hivyo mara moja na kuvigawa, badala ya kukipa kila kijiti sakiti yake fupi kuliko zote. Umuzi huo ramani haiutoi. Anautoa mtu aliyezitandaza ramani saba mezani na kuzitazama kwa pamoja.

Kwa msomaji mwenye penseli, kijiti cha kuanzia ni c, kile cha kulia chini. Katika tarakimu zote kumi kinazimika kwa 2 peke yake. Jaza vyumba, weka x sita mahali pake, zungusha maduara makubwa kadiri yanavyoruhusiwa, na kama fomula iliyotoka ni B + C' + D, umepata.